Mita moja ya LUKU, vyumba sita na friji la barafu: tugawane vipi?

1. Mpangaji wa Tandika

Wakuu, habari za jioni. Ninaishi katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU na mita moja ya maji. Utaratibu tulioukuta ni kwamba kila chumba hutoa shilingi 10,000 ya umeme tarehe mosi, na ankara ya maji hugawanywa kwa idadi ya vichwa. Zamani hela hiyo ilitufikisha mwisho wa mwezi, lakini tangu dada wa chumba cha mbele aanze kugandisha barafu za kuuza, umeme unakatika tarehe 24 au 25, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Mimi nina taa moja, feni na chaji ya simu. Nilipopendekeza mwenye friji aongeze, nilijibiwa kwamba hata mimi nina feni inayozunguka usiku kucha. Mwenye nyumba anasema hayo ni yetu sisi wapangaji. Naomba njia ya kugawana ambayo mtu hawezi kuipinga kwa hoja.

2. Asiyelala Njaa

Mkuu, hapo hakuna ugomvi wa kugawana. Umeme wenu unaisha mapema kwa sababu ukinunua wa 10,000 hupati uniti zote. Mwezi huu mimi nimepata uniti 23.8 tu, ilhali mwezi uliopita, niliponunua mara ya pili, nilipata 28. Tanesco waulizwe kwanza.

3. Mhasibu Mstaafu

Ndugu wa namba 2, umejibu swali ambalo halikuulizwa, ingawa jibu lako lina faida. Uniti zako zilizopungua hazikupotea. Manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500. Zinabaki 8,500. Bei ya T1, yaani kundi la wateja wa kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1 inafika 356.24. Gawanya 8,500 kwa hiyo utapata 23.86. Ukinunua tena mwezi huohuo hukatwi kodi, ndiyo maana ulipata 28.

Kwa aliyeanzisha uzi: mkichanga 60,000 na kununua kwa mara moja, mnapata uniti zipatazo 164. Zikiisha tarehe 24, maana yake nyumba inatumia karibu uniti 6.8 kwa siku, yaani kama 205 kwa mwezi wa siku 30. Kabla ya kujadili nani alipe, andika namba hizo ukutani. Watu wengi hugombana juu ya hela bila kujua nyumba inakula uniti ngapi.

Halafu ile 1,500 ni deni la mwenye jengo. Mpangaji akiilipa kupitia LUKU ana haki ya kuikata kwenye pango kwa makubaliano, na mimi nilipokuwa mpangaji niliikata.

4. Mama Kijacho

Mzee, uliikata na mwenye nyumba akacheka? Wangu alisema kama naona 1,500 ni nyingi nitafute nyumba isiyo na jengo.

5. Fundi Waya

Nimefanya kazi ya kutandaza nyaya kwenye nyumba za kupanga kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema ninachokiona. Makosa makubwa ni mawili: kugawana kwa vyumba kana kwamba vyumba ndivyo vinavyotumia umeme, au kukimbilia kununua mita ndogo sita kwa pupa. Katika nyumba kama ya Tandika huhitaji sita. Unahitaji moja, kwenye chumba chenye mzigo mkubwa.

Sababu ni hii. Vyumba vya kawaida havipishani sana. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi inakula uniti 0.6. Taa ya LED ya wati 9 ni kama moja ya kumi ya uniti kwa usiku mzima. Televisheni na king'amuzi, tuseme nusu uniti. Friji la kuhifadhia chakula la mtu wa kawaida ni kama uniti moja kwa siku. Lakini friji linalopokea ndoo ya maji ya vuguvugu kila asubuhi na kutakiwa liyafanye barafu kabla ya kesho yake halipumziki. Hilo linafika uniti 2 hadi 3 kwa siku, wakati mwingine zaidi kama mpira wa mlango umelegea. Unaweza kuujua mpira uliolegea kwa kufungia noti kwenye mlango: ukiivuta ikatoka bila kushika, hewa ya joto inaingia.

Kwa hiyo funga mita ndogo kwenye waya unaokwenda chumba cha mbele peke yake. Tarehe mosi mnaisoma mbele ya watu wawili na kuipiga picha. Mwisho wa mwezi mnasoma tena, mnatoa kwenye jumla ya nyumba, na kinachobaki mnagawana watano.

6. Mpangaji wa Tandika

Fundi, asante. Tuseme mita ndogo ya dada imesoma 96 na nyumba nzima imetumia 205. Hesabu inakuwaje?

7. Mhasibu Mstaafu

Mwenye friji: 96 mara 356.24, anatoa shilingi 34,199. Zinabaki uniti 109, ambazo ni shilingi 38,830. Gawa kwa watano, kila mmoja 7,766. Jumla ni 73,029, na kodi ya jengo ni mazungumzo ya pembeni. Kwa utaratibu wa zamani, ili kufika mwisho wa mwezi kila chumba kingetoa 12,171 bila kujumlisha kodi hiyo. Kwa hiyo kila mmoja wa hao watano alikuwa anamchangia jirani shilingi zaidi ya elfu nne kwa mwezi bila kujua.

8. Kona ya Uani

Hesabu ya mzee ni safi, lakini imeruka taa za korido, choo na taa ya usalama getini. Hizo hazipiti kwenye mita ndogo ya dada, na yeye pia anapita koridoni. Chukua taa nne za wati 9 zinazowaka saa 12, hiyo ni karibu uniti 13 kwa mwezi. Zigawanywe kwa sita, ndipo 96 zinazobaki zigawanywe kwa watano. Mwenye friji atatoa uniti 98.17 na wengine 21.37.

9. Mama Kijacho

Nimepiga hesabu: tofauti kwa kila mmoja wa hao watano ni shilingi zisizofika 160. Kwenye nyumba yetu hiyo inatosha kuvunja undugu wa miaka sita.

10. Bwana Stoo

Mnaziamini sana mita ndogo. Sisi tulifunga nne, moja kila chumba, na tukizijumlisha hazifiki kamwe kile kilichosomwa na LUKU. Mwezi uliopita zilipungua uniti 19. Mita hizi za bei rahisi zinaiba, na anayeibiwa ni yule anayenunua tokeni. Ndiyo maana siku hizi tunarudi kwenye zamu: wiki hii chumba hiki kinanunua, wiki ijayo kingine.

11. Fundi Waya

Ndugu Stoo, uko sahihi nusu. Jumla ya mita ndogo kuwa chini ya LUKU ni jambo la kawaida, na mara nyingi si wizi. Kwanza kuna hizo taa za nje ambazo hazimo kwenye mita yoyote. Pili, kama LUKU ilisomwa tarehe mosi na mita ndogo zikasomwa tarehe tatu, tofauti inajitokeza hapohapo. Tatu ndiyo mbaya: waya unaovuja ardhini au mtu aliyeunganisha kabla ya mita yake.

Kuna namna ya kupima bila kumlipa fundi. Zimeni swichi zote za vyumba vyote, friji lichomolewe, na taa za nje zizimwe. Tazama kataa kekundu kwenye LUKU. Kakiendelea kupepesa, kuna kitu kinakula na hakimo kwenye hesabu yenu. Kakitulia, mita ndogo zichunguzwe moja moja. Nyingi zimeandikwa 1600 imp/kWh, yaani kataa kanapepesa mara 1,600 kwa kila uniti. Washa jagi la kuchemshia la wati 1,500 katika chumba kimoja tu na uhesabu. Linapaswa kutoa mipepeso 40 kwa dakika. Ukipata 30, mita hiyo inapunja.

12. Mtu wa Kipimo

Fundi, hapo nikurekebishe kwa heshima. Wati 1,500 zilizoandikwa kwenye jagi ni kwa volti 230. Jioni umeme wa mitaani kwetu unashuka hadi 205, na jagi lilelile linavuta wati 1,190 tu. Mita iliyo sahihi kabisa itapepesa mara 32 kwa dakika, na wewe utaihukumu kuwa mwizi. Njia salama ni kuweka watu wawili, mmoja kwenye LUKU na mwingine kwenye mita ndogo, wahesabu kwa wakati mmoja huku jagi likiwa ndicho kitu pekee kinachowaka. Hapo hujali volti ni ngapi, unalinganisha mita kwa mita. Angalieni tu maandishi ya kila mita, kwa sababu nyingine ni 800 au 1000 kwa uniti badala ya 1600.

13. Fundi Waya

Nimekubali. Mimi hupima asubuhi, ndiyo maana halijanitokea.

14. Bwana Stoo

Tulizima kila kitu jana usiku. Kataa kaliendelea kupepesa, polepole, kama mara moja kwa sekunde kumi. Sijui ni nani. Bado nasema mita ndogo zinaiba.

15. Mtu wa Kipimo

Kama LUKU yenu ni ya 1600, mpepeso mmoja kwa sekunde kumi ni 360 kwa saa, yaani wati kama 225. Hiyo ni uniti 5.4 kwa siku ikiwa haizimwi, na kwa mwezi ingezidi 160. Nyinyi mmepoteza 19, kwa hiyo kitu hicho hakiwaki muda wote. Friji la mtu, pengine, au pampu. Tafuteni kinachowaka na kuzima.

16. Bibi Barafu wa Mbagala

Nimesoma yote na mimi ndiye yule mwenye friji, ingawa si wa Tandika. Nilifungiwa mita ndogo na nalipa kila uniti yangu bila kulalamika. Lakini hamjauliza kilichomo ndani ya friji. Kwangu kuna samaki wa mama wa chumba cha tatu, maziwa ya mtoto wa jirani, na siku ya Idi nyama ya nyumba nzima. Kila mtu anafungua mlango, anachagua, anaongea na simu huku mlango uko wazi. Uniti za nyama yao zinasoma kwangu. Hiyo mtaigawaje kwa hesabu ya uniti?

17. Mama Kijacho

Dada, weka kufuli, halafu uone nani ataanza kusema umebadilika.

18. Mwana wa Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu tokeni zina ngazi: kuna wale wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wale wa hadi 100, na wanaozidi. Mita ikishirikiwa na nyumba tatu, sote tunahesabiwa kama mtu mmoja mkubwa, tunapandishwa hadi ngazi ya juu ilhali kila mmoja peke yake angekuwa ngazi ya chini. Je, kwenu hakuna jambo hilo?

19. Mhasibu Mstaafu

Lipo, na nashangaa halijatajwa mapema. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo huwekwa D1, ambapo uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja, ukiongeza makato inakuwa 122. Zikizidi 75 kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato. Sasa chukueni nyumba ya familia nne, kila familia inatumia uniti 40. Wakiwa na mita nne za D1, kila mmoja atalipa 4,880, jumla 19,520. Wakishirikiana mita moja ya T1, uniti 160 zinagharimu 56,998. Tofauti ya karibu 37,500 kwa mwezi hailetwi na friji la mtu. Inaletwa na kuwa na mita moja.

20. Kona ya Uani

Kwa hiyo dawa ni kila chumba kuomba mita yake?

21. Mhasibu Mstaafu

Kuunganishwa mjini bila kuhitaji nguzo ni shilingi 320,960. Mita tatu za ziada ni 962,880. Kwa akiba ya 37,478 kwa mwezi, hela hiyo inarudi baada ya miezi 26 hivi. Tatizo ni kwamba mita inabaki ukutani kwa mwenye nyumba, na mpangaji wa kawaida hajui kama atakuwepo miezi 26 ijayo. Mwenye nyumba naye hana haraka, maana bili hailipi yeye.

22. Fundi Waya

Ongeza gharama ya kutenganisha nyaya. Nyumba nyingi za zamani, waya wa chumba cha pili unatoka kwenye soketi ya chumba cha kwanza. Huwezi kuweka mita nne mpaka upitishe nyaya upya kutoka kwenye swichi kuu. Pia si kila anayeomba anawekwa D1. Mteja wangu mmoja wa chumba kimoja aliwekwa T1 na ilibidi aombe kubadilishiwa, akafuatilia wee.

23. Mkazi wa Ghorofa

Na mkipata mita nyingi, angalieni kodi ya jengo. Kwetu mita mbili za jengo moja zilikatwa zote mbili. Tulipeleka malalamiko, moja ikasimamishwa, lakini hela ya miezi iliyopita sijaiona hadi leo.

Nina jambo jingine. Pampu yetu ya maji, ya nguvu ya farasi moja, imechomekwa kwenye mita yangu kwa sababu mimi niko chini karibu na kisima. Inavuta kama wati 750, inajaza simtanki kwa saa moja na dakika ishirini kila siku, hiyo ni uniti moja. Mwisho wa mwezi nimelipa shilingi 10,687 kwa ajili ya maji ya watu wanane. Wanaona maji ni ya bure kwa kuwa kisima ni cha jengo.

24. Mpangaji wa Tandika

Nashukuru kwa hilo la pampu, kwetu hakuna. Nirudi kwenye maji, maana nayo ni vita. Ankara ya mwezi uliopita ilikuwa uniti 24 na sisi ni watu 17 pamoja na watoto. Baba wa watoto wanne anasema mtoto wa miaka miwili asihesabiwe kama mtu mzima. Mama wa chumba cha tano anasema alikuwa kijijini wiki tatu.

25. Kona ya Uani

Uniti 24 ni lita 24,000. Kwa watu 17 na siku 30, ni lita 47 kila mmoja, ndoo mbili na kidogo. Kwa Dar es Salaam hiyo ni kawaida kabisa, hakuna mtu anayefuja. Kuhusu mtoto, sisi tulikubaliana mwenye chini ya miaka mitano ni nusu kichwa.

26. Mama Kijacho

Nusu kichwa! Mwanangu wa miezi minane ana nepi za kitambaa ndoo tatu kwa siku. Kwa haki angehesabiwa watu wawili, ila msimwambie baba mwenye nyumba.

27. Mzee wa Vikao

Kwetu tulihesabu siku badala ya vichwa. Kila chumba kina daftari, na mtu aliyelala ni siku moja. Mgeni wa wiki tatu ni siku 21, aliyesafiri haandikwi. Mwisho wa mwezi tunajumlisha siku zote na kugawa ankara. Ilifanya kazi miezi minne, kisha ikawa watu wanawaficha wageni, na mjomba wa jirani akawa anaingia usiku kama mwizi.

28. Mtu wa Kipimo

Kabla ya kugombania mtoto, pimeni kama maji yanavuja. Usiku watu wakishalala, funga mabomba yote, andika tarakimu za mita hadi zile nyekundu, na usome tena alfajiri kabla mtu hajaoga. Kwetu ilisogea lita 60 kwa saa sita, huku hakuna aliyefungua bomba. Hiyo ni lita 10 kwa saa, na kwa mwezi uniti 7 na zaidi. Ilikuwa floti ya tangi la choo, haizibi vizuri, maji yanateremka kimyakimya ndani ya sinki. Mwaka mzima tulimlaumu jirani aliyekuwa akifua Jumamosi.

29. Asiyelala Njaa

Mita za maji nazo zinaendeshwa na hewa. Maji yakikatika siku mbili, yakirudi yanasukuma upepo kwanza na mita inazunguka kama feni. Nimeiona kwa macho yangu.

30. Mtu wa Kipimo

Kuzunguka inazunguka, hilo nakubali. Ila kiasi chake sijawahi kukipima, na nikimsikia mtu anasema nusu ya ankara ni upepo namwomba kwanza afanye kipimo cha usiku.

31. Asiyelala Njaa

Kwetu maji hayatoki usiku.

32. Mpangaji wa Tandika

Mrejesho. Mita ndogo imefungwa Jumapili kwenye chumba cha mbele, dada mwenyewe amechangia nusu ya gharama na wengine tumegawana iliyobaki. Siku tano za kwanza imesoma 17.5, yaani 3.5 kwa siku, zaidi ya alivyokisia Fundi. Tulifunga noti kwenye mlango wa friji, ikatoka bila kushika. Sasa ubishi mpya ni kama mpira wa mlango anunue yeye peke yake, au tuchange kwa kuwa na sisi tunaweka samaki.

33. Bibi Barafu wa Mbagala

Niliwaambia.